Namba Huhama, Akaunti Hubaki

Somo hili linahusu swali ambalo wengi wetu tumewahi kujiuliza bila kulijibu: kwa nini mtu huendelea na mtandao wa simu au benki ileile kwa miaka mingi, ilhali anafahamu kuwa jirani yake analipa kidogo zaidi kwingine? Mara nyingi jibu linalotolewa ni kwamba wateja ni wavivu au hawajui haki zao. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Mteja anayebaki mara nyingi ana sababu, ila hajazipima. Kuna anayebaki na kupoteza fedha, na kuna anayehama na kupoteza zaidi. Lengo la somo ni kumwezesha msomaji kupima mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuamua.

Tutatumia maneno mawili. La kwanza ni gharama za kuhama, yaani kila kitu ambacho mteja hutoa, hupoteza au huanza upya kwa sababu tu amebadilisha mtoa huduma. La pili ni kunaswa, yaani hali ya mteja ambaye gharama hizo zimekuwa kubwa kiasi kwamba ofa nzuri ya kwingine haimfai tena, hata kama ni nzuri kweli.

Namba ilipofunguliwa

Zamani kamba iliyomfunga mteja wa simu ilikuwa namba yake. Namba imeandikwa kwenye kibao cha duka, imehifadhiwa katika simu za wateja na ndugu, imejazwa kwenye fomu za shule na za benki. Kubadili mtandao kulimaanisha kuiacha namba hiyo na kuanza kutafutwa upya. Ili kuikata kamba hiyo, Kenya ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba mwezi Aprili 2011, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Machi 2017.

Kwa Tanzania utaratibu si mgumu. Mteja huenda kwa wakala au duka la mtandao anaouhamia, si ule anaouacha. Hubeba kitambulisho, husajiliwa laini mpya kwa alama za vidole, kisha hutuma neno HAMA kwenda 15080 kwa kutumia laini yake ya zamani. Laini ya zamani inapokata mawasiliano, huweka mpya, na namba ni ileile. Jambo linalokwamisha maombi mara nyingi ni usajili: namba imesajiliwa kwa jina la mume, mtoto au fundi simu aliyeiuza. Kabla ya kwenda kwa wakala, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotaka kuihamisha haimo, rekebisha kwanza usajili wake.

Kwa hiyo namba ikawa mali inayohamishika. Hata hivyo, waliohamia mitandao mingine kwa njia hii wamebaki wachache katika nchi zote mbili. Baadhi hawakuona haja, kwa kuwa simu zenye sehemu mbili za laini zimeenea na mtu hubeba mitandao miwili kwa wakati mmoja. Lakini sababu nyingine ni kubwa zaidi. Wakati sheria ilipokuwa ikifungua namba, kamba nyingine ilikuwa imekwisha kusokotwa.

Kilichobaki nyuma

Huko Kenya huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, miaka minne kabla ya namba kuruhusiwa kuhama. Ilipofika 2011, laini ya simu haikuwa tena chombo cha kupigia tu. Ilikuwa mahali pa kuweka akiba, kupokea mshahara na kulipia bidhaa. Aliyehamisha namba alihama na tarakimu zake, lakini akaunti ya fedha haikufuata, kwa kuwa akaunti hiyo si mali ya namba; ni mkataba kati ya mteja na mtandao wake. Ndivyo ilivyo hata leo, na ndivyo ilivyo Tanzania pia.

Ni vizuri kutofautisha mambo matatu yaliyomo ndani ya akaunti ya fedha za simu, maana hayahami kwa namna moja.

La kwanza ni fedha zenyewe. Hizi ni zako na huwezi kunyang'anywa, lakini hazisafiri na namba. Zitoe, au zitume kwenye akaunti yako ya benki, kabla ya kutuma ombi la kuhama. Muda wa maongezi na kifurushi kilichobaki havirudishwi, hivyo vitumie kwanza. Kama unadaiwa mkopo wa simu, ulipe, kwa sababu deni halifutiki kwa kuhama.

La pili ni mtandao wa watu. Miaka ya nyuma kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine kulikuwa na usumbufu mkubwa, na hivyo kila mmoja alivutwa kujiunga na mtandao wenye ndugu wengi. Tanzania ililegeza kamba hii mapema: kati ya 2014 na 2016 mitandao mikubwa ilikubaliana kupokea fedha moja kwa moja kutoka kwenye akaunti za mitandao mingine. Kenya, mitandao yake miwili mikubwa ilifikia hatua hiyo mwaka 2018. Leo sababu ya kusema "ndugu zangu wote wako huku" imepungua uzito, ingawa ni vyema kulinganisha ada ya kutuma ndani ya mtandao na ya kutuma nje yake.

La tatu ni kumbukumbu, na hili ndilo watu wengi husahau kulihesabu. Mtandao unaokukopesha kidogo pale salio lako linapopungua hufanya hivyo kwa sababu umekutazama kwa muda: unaingiza kiasi gani, unalipa lini. Kikomo cha mkopo unachopewa ni matokeo ya kumbukumbu hiyo, nayo imo mikononi mwa mtandao ule. Unapohama, mtandao mpya hukuona kama mgeni na kukupa kikomo kidogo au kukunyima kabisa mpaka ukufahamu. Sifa njema uliyoijenga kwa miaka hubaki ulikoijengea.

Tupime kwa mfano

Tumchukulie mama mmoja muuza nafaka katika soko la Morogoro. Kiasi tunachotumia ni cha kielelezo. Msomaji ataweka chake. Kwa mwezi mama huyu hutumia TSh 30,000 kwa vifurushi. Mtandao mwingine unatoa kiasi hichohicho cha dakika na intaneti kwa TSh 21,000. Faida ya kuhama ni TSh 9,000 kwa mwezi.

Sasa tuandike gharama za mara moja. Kifurushi kitakachopotea, TSh 5,000. Ada ya kutoa fedha zilizomo kwenye akaunti, TSh 4,000. Kibao kipya cha lipa namba, TSh 6,000. Nusu siku ya kufunga kibanda ili ashughulikie usajili, faida ya TSh 12,000 itakayokosekana. Jumla ni TSh 27,000. Tukigawa 27,000 kwa 9,000 tunapata miezi mitatu. Ikiwa hesabu inaishia hapo, ahame. Kuanzia mwezi wa nne kila shilingi anayookoa ni yake.

Lakini haiishii hapo. Mama huyu hukopa TSh 150,000 kwa simu mara mbili kwa mwezi, siku ambazo magari ya mahindi yameingia na wateja wake wa mkopo hawajamlipa. Kila mara, akishalipa ada ya mkopo, hubaki na faida ya TSh 7,000 ambayo asingeipata bila fedha hizo. Kwa mwezi ni TSh 14,000. Katika mtandao mpya hana kumbukumbu, hivyo faida hiyo itasimama. Atakuwa anaokoa 9,000 na kukosa 14,000, yaani anarudi nyuma TSh 5,000 kila mwezi. Tuseme inamchukua miezi sita kufikia kikomo alichokuwa nacho. Atakuwa amepoteza 30,000, juu ya zile 27,000 za mwanzo, jumla TSh 57,000. Baada ya hapo, akiokoa 9,000 kwa mwezi, atahitaji miezi saba hivi kuzirudisha. Faida halisi ya kuhama itaanza kuonekana baada ya mwaka mmoja na zaidi, iwapo ofa yenyewe itakuwa bado ipo.

Mama huyu akisema "nimezoea huku", asidharauliwe. Ana sababu ya TSh 14,000 kwa mwezi, ingawa pengine hajawahi kuiandika.

Je, basi alipe bei kubwa milele? Hapana, na hapa ndipo kupima kunapomsaidia. Kinachomfunga ni kikomo cha mkopo, si vifurushi. Vitu hivyo viwili amevizoea vikiwa pamoja, lakini hakuna sheria inayomlazimisha kuvinunua pamoja. Anaweza kusajili laini ya pili ya mtandao wa bei nafuu kwa ajili ya kupiga na intaneti, na kuiacha ya kwanza iendelee kupokea simu, malipo ya wateja na mikopo. Ataokoa zile TSh 9,000 karibu zote, bila kupoteza kumbukumbu. Usumbufu uliopo ni kwamba akimpigia mtu, namba ngeni itaonekana. Wateja wake wakubwa atawaarifu kwa ujumbe. Kwa mtu ambaye hatumii mikopo ya simu na hapokei malipo ya biashara, hesabu ni tofauti, na kuhama kabisa kunaweza kuwa njia bora.

Bei ya mgeni

Kabla hatujaenda kwenye benki, tueleze kwa nini ofa nzuri huwepo kwingine kila mara. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoa huduma anayejua kuwa mteja akishaingia ni vigumu kutoka, hupenda kumvutia kwa bei ya chini mno, wakati mwingine hata kwa hasara. Fedha hizo atazirudisha baadaye, mteja akishafunga namba, akaunti, mshahara na mikopo yake humo. Ndiyo maana ofa hutangazwa kwa wateja wapya, na wa zamani hawaisikii.

Hili linatupa maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuhama. Bei hii ni ya muda gani, na ikiisha itakuwa kiasi gani? Katika mfano wetu, ofa ya TSh 21,000 ikidumu miezi mitatu tu kisha ikapanda, mama atakuwa amerudisha gharama zake na kubaki bila chochote. Linatupa pia neno la kusema kwa mtoa huduma wa sasa. Mteja aliyeandika hesabu yake na kueleza kuwa anakaribia kuhama, anayo nafasi ya kuomba bei ileile ambayo mgeni anapewa. Si lazima akubaliwe, lakini kuomba hakuna gharama.

Benki: kamba ya mshahara

Katika benki, namba ya akaunti haihami. Ukibadili benki, unapewa namba mpya, na ni wewe utakayempelekea mwajiri, wapangaji na wateja. Kazi hiyo ni ya wiki chache. Kamba nzito zaidi ni mkopo wa mshahara, ambao hukatwa kabla fedha hazijamfikia mfanyakazi. Mwenye mkopo huo hawezi kuhamisha mshahara wake akauacha mkopo nyuma. Njia iliyopo ni benki mpya kununua deni, yaani kulilipa lile la zamani na kukuandikia mkopo mpya.

Tumchukulie mwalimu aliyebakiwa na deni la TSh 5,000,000, kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio linalopungua. Anarejesha takriban TSh 180,760 kwa mwezi. Benki nyingine inampa riba ya asilimia 15. Kwa miezi hiyohiyo 36 atarejesha takriban TSh 173,330. Anaokoa TSh 7,430 kwa mwezi, na kwa miaka mitatu kiasi cha TSh 267,000.

Gharama za kuhama ni hizi. Tuseme mkataba wa zamani una ada ya kumaliza mkopo kabla ya muda ya asilimia 2, yaani TSh 100,000. Benki mpya inatoza ada ya kuandaa mkopo ya asilimia 2, TSh 100,000 nyingine, na bima ya mkopo ya asilimia 1, TSh 50,000. Jumla ni TSh 250,000. Kilichobaki mfukoni kwa miaka mitatu ni kama TSh 17,000. Tofauti ya asilimia tatu iliyoonekana kubwa kwenye tangazo imeliwa karibu yote na ada za mlangoni.

Lakini hatari kubwa si hiyo. Ofisa mauzo hutaja mara chache miezi 36, hutaja 60. Kwa riba ileile ya asilimia 15, deni la TSh 5,000,000 likitandazwa kwa miezi 60, marejesho hushuka hadi takriban TSh 118,950. Mwalimu huona amepata nafuu ya zaidi ya TSh 60,000 kila mwezi. Tuzidishe: 118,950 mara 60 ni TSh 7,137,000. Kule alikotoka, 180,760 mara 36 ni TSh 6,507,360. Ameongeza deni lake kwa takriban TSh 630,000, kabla ya kuhesabu zile ada 250,000, na amejifunga miaka miwili zaidi. Riba imeshuka, malipo ya mwezi yameshuka, na bado amepata hasara. Unapolinganisha mikopo, linganisha jumla ya yote utakayolipa mpaka mwisho, kwa muda uleule.

Kuna jambo moja ambalo katika benki ni jepesi kuliko kwenye simu. Kumbukumbu ya mkopo wa benki haibaki kwa benki moja. Mabenki hupeleka taarifa za mikopo katika kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu, na kampuni zenye leseni huandaa ripoti kutokana nayo. Mwalimu aliyelipa vizuri anaweza kuomba ripoti yake na kuiweka mezani anapojadili riba, iwe na benki mpya au na ile aliyonayo.

Ikiwa unazuiwa

Gharama za kuhama tulizozieleza ni halali zikiwa zimeandikwa kwenye mkataba na umeelezwa kabla. Kinachokuwa kosa ni kuziongeza kwa hila: kucheleweshewa taarifa ya salio la kumaliza mkopo, kutozwa ada isiyokuwamo kwenye mkataba, au kukataliwa kuhamisha namba bila kupewa sababu. Tarehe ndizo ushahidi wako. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye mhuri au ujumbe wa simu, na andika jina la ofisi uliyohudumiwa. Lalamika kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Asipokujibu au jibu lisipokuridhisha, peleka shauri la simu kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na la benki kwa Benki Kuu, ukiambatanisha nakala hizo. Malalamiko yasiyo na ushahidi kwamba ulianza kwa mtoa huduma mara nyingi hurudishwa huko kwanza, na muda wako hupotea.

Zoezi

Chukua karatasi na uigawe sehemu tatu. Katika ya kwanza andika kiasi utakachookoa kwa mwezi ukihama, na kitadumu miezi mingapi. Katika ya pili andika gharama zote za mara moja, ukihesabu na muda wako wa kazi. Katika ya tatu andika kile utakachokosa kila mwezi kwa sababu hakihami: kikomo cha mkopo, punguzo la mteja wa zamani, au kingine.

Toa sehemu ya tatu kutoka ya kwanza. Jibu likiwa sifuri au chini yake, usihame. Tafuta badala yake kama unaweza kukitenga kile kinachokufunga na kununua vingine kwingine. Jibu likiwa juu ya sifuri, gawa jumla ya sehemu ya pili kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi ya kurudisha gharama zako. Ikiwa miezi hiyo ni pungufu ya muda ambao ofa itadumu, una sababu ya kuhama. Ikiwa inazidi, ofa hiyo haikufai kwa sasa. Ihifadhi karatasi yako, na uirudie kila bei zinapobadilika au mkopo wako unapokwisha, kwa kuwa hapo ndipo kamba huwa imelegea.